Kuchemsha na kukausha dagaa mchele hapa Dar: kuanzia ndoo mbili hadi pakiti za nusu kilo

Jamani nimeulizwa hili jambo mara nyingi na watu wa huku kwetu Kunduchi, Ununio, Mbweni mpaka Kigamboni, nikaona niandike yote kwa pamoja. Nazungumzia dagaa mchele tu, wale wadogo weupe wa baharini ambao Tanga wengine wanawaita uono. Sio dagaa wa Mwanza, maana yule wa ziwani kawaida anaanikwa hivihivi bila kuchemshwa, huyu wetu anapita kwenye maji ya moto yenye chumvi kwanza ndo anaanikwa. Mimi naifanya pembeni ya kazi nyingine, ndoo mbili mara tatu kwa mwezi, miezi mingine mara nne, nitaelezea kwa kipimo hicho cha ndoo mbili ili mtu aone mwanzo hadi mwisho.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: kwenye hii biashara unanunua maji. Dagaa mbichi zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, wewe kazi yako ni kuyatoa. Ukinunua kilo nne utauza kilo moja, na kila kosa nitakalotaja hapa linatokana na maji ambayo hayakutoka au yaliyotoka yakarudi.

Siku ya kununua

Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, kwaiyo fuata mwezi. Wakati wa giza boti zinatoka, taa inaonekana mbali, dagaa wanajikusanya chini yake na mzigo unakuwa mwingi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika na boti nyingi za taa zinapumzika siku kadhaa, na hicho kidogo kinachopatikana bei yake inapanda. Usipange kuanza biashara kwenye mbalamwezi, utasema dagaa ni ghali siku zote kumbe umeenda wiki mbaya.

Alafu angalia msimu. Juni mpaka Septemba ndo raha ya kuanika, hakuna mvua ya maana na upepo wa kusi unapuliza, ingawa huohuo upepo siku nyingine unazuia boti ndogo kutoka. Januari na Februari jua ni kali pia. Masika kuanzia Machi hadi Mei mimi nasimama kabisa, sinunui hata nikiitwa kwa bei ya kutupa, maana nikishanunua sina pa kuanika.

Fika ufukweni au Feri mapema, saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili asubuhi. Usiangalie ndoo kwa juu, ingiza mkono mpaka katikati utoe dagaa wa chini. Mzuri anang'aa, ana ule mstari wa fedha ubavuni, jicho liko angavu na tumbo limefunga. Ukiona matumbo yamepasuka, vichwa vinachomoka ukimshika, au maji ya chini ya ndoo ni mekundu yana harufu ya ukali, huo mzigo umelala kwenye joto. Usishawishike na punguzo. Kupasuka tumbo sio suala la sura tu, mzigo kama huo ukiuchemsha unameguka wote unabaki na vipande.

Na kuna kubwa zaidi ya sura. Dagaa wa aina hii akikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini ndani ya nyama. Hicho kitu hakitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha wala kwa kukaanga. Mtu akila anaweza kuwashwa mwili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, na watu wanasema ana aleji ya samaki kumbe ni yule dagaa wa saa tano asubuhi ambaye hakuwa na barafu. Kwaiyo nenda na barafu. Ukiwa jirani na ufukwe na maji ya kuchemshia yako tayari unaweza kuvumilia bila barafu nusu saa hivi, zaidi ya hapo weka barafu iliyopondwa kwa tabaka, dagaa, barafu, dagaa, barafu, na funika na kitu cheupe. Bajaji yenye jua la saa tatu ni jiko lile.

Kuosha na kuchemsha

Ukifika mwaga kwenye beseni pana, chambua haraka. Toa majani, vipande vya wavu, na samaki wengine waliochanganyika. Ukikuta bunju hata kadogo toa tupa mbali, ana sumu na sumu yake haiishi kwa moto. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, mara mbili, kwa kuzungusha mkono taratibu bila kusugua. Maji baridi yasiyo na chumvi kabisa yanalegeza ngozi, na maji ya bahari ya karibu na mitaro ya mjini usiyatumie kwa lolote.

Sasa maji ya kuchemshia. Kwenye sufuria kubwa weka lita 20 za maji safi na kilo moja ya chumvi. Hiyo inatoa asilimia 5, yaani imezidi kidogo maji ya bahari ambayo yenyewe yana kama asilimia 3 na nusu. Wapo wanaomwaga chumvi mpaka dagaa anauma ulimi, wanaamini chumvi nyingi ndo anakaa muda mrefu. Hapa Dar hiyo inakugeukia, nitaeleza nikifika kwenye kuhifadhi.

Subiri mpaka yachemke kabisa, ya kutokota. Tia dagaa kilo tatu kwenye tenga dogo la matundu au kikapu cha plastiki kigumu kinachostahimili moto, zamisha. Kilo tatu tu kwa lita 20. Ukizamisha kilo nane kwa haraka ya kumaliza, maji yanapoa, yanakaa dakika kumi bila kutokota, dagaa wa pembeni anaiva wa katikati analainika tu, ukiinua tenga unatoa uji. Wakiwa kidogo maji yanarudi kutokota baada ya dakika moja hivi, hesabu dakika mbili hapo, macho yanakuwa meupe kama chaki na dagaa wanaelea juu. Inua. Engua povu kabla ya kuzamisha tenga lingine, lile povu likimkaukia dagaa linamwachia rangi ya njano chafu.

Ndoo mbili kwangu zinatoa kilo 36 hivi, kwaiyo ni matenga 12, kama saa moja na robo ukiwa na moto mzuri. Maji nabadilisha baada ya tenga la sita, naanza na chumvi mpya. Yale ya kwanza yanakuwa yameshajaa magamba na utando, ukiendelea nayo dagaa wa mwisho wanatoka wa rangi ya kijivu na wananata.

Kuna watu wanauliza kwanini tuchemshe kabisa, si wa Mwanza hawachemshi. Moto unaua vimeng'enya vya tumboni vinavyoanza kummumunya dagaa kutokea ndani, unapunguza bakteria, na nyama ikishashikana inaachia maji kirahisi. Dagaa mchele mbichi ukimwanika hivihivi kwenye unyevu wetu wa pwani tumbo linaoza kabla mgongo haujakauka.

Chanja na jua

Acha tenga lichuruzike maji kivulini dakika 15 mpaka 20, limeinuliwa juu ya matofali. Usiruke hapa, maana dagaa anayechuruzika ukimmwaga kwenye chanja anashikana na mwenzake na ukija kumtenganisha ngozi inabaki.

Chanja yangu nimetengeneza kwa mirunda, urefu wa meta 5 upana meta 1 na sentimeta 20, kimo cha kiuno. Huo upana una sababu, nikisimama upande wowote mkono unafika katikati. Juu nimetandika wavu wa plastiki wenye macho madogo, umevutwa ukakaza usitengeneze bonde, kwenye bonde ndo dagaa wanarundikana wanavunda. Meta moja ya mraba inabeba kilo tatu hadi nne tukiwa tumetandaza tabaka moja, sasa kwa kilo 36 hiyo chanja moja haitoshi, nina mbili, yaani meta 12 za mraba. Usiwe na chanja moja alafu ukanunua ndoo mbili ukijipa moyo utatandaza wa juu juu. Tabaka la pili linalizuia la kwanza kupata upepo.

Tafadhali sana msitumie vyandarua vya mbu. Najua ni vya bure na macho yake yanafaa, ila vile vina dawa ya kuua wadudu na hicho ni chakula cha watoto wa watu. Na mikoko usikate kwa ajili ya nguzo, ni kosa na pia ni mazalia ya samaki haohao.

Kwanini chanja na sio kuanika chini kwenye turubai? Upepo. Jua linapasha lakini upepo ndo unabeba maji kuondoka, kwenye chanja unapita juu na chini. Chini unapata upande mmoja, na unapata mchanga. Mteja akishatafuna mchanga mara moja hakuna maneno utakayomwambia, na mnunuzi wa jumla akiuona anakuhesabia bei ya chakula cha kuku.

Geuza kila baada ya saa moja kwa masaa manne ya kwanza, kwa mikono iliyooshwa au ubao laini, kwa kuinua na kumwaga taratibu. Nzi wanakuja zaidi saa hizo za mwanzo dagaa akiwa na unyevu, tandaza neti juu iliyoinuliwa kwa vijiti isiguse. Kamwe usipulize dawa ya wadudu. Najua wapo wanaofanya, inaniuma sana.

Jioni anua kabla jua halijazama, saa kumi na moja au na nusu. Watu wanaacha usiku wakisema kesho litaendelea, kumbe umande unamrudishia dagaa nusu ya kazi ya mchana. Weka kwenye matenga, chini ya paa, penye hewa, juu ya mbao. Usiweke kwenye kiroba wala nailoni wakati huo. Kesho yake anika tena jua likishapanda, kama saa tatu. Kwa jua la Agosti wangu wanamaliza siku ya pili saa nane mchana, siku ya mawingu mpaka ya tatu. Mvua ikikukuta katikati funika na turubai na ikiisha funua haraka, maana chini ya turubai kuna joto na mvuke, dagaa wanachemka upya.

Utajuaje amekauka

Hapa ndo nilipopoteza mzigo wangu wa tatu na hapa ndo nataka usome taratibu.

Nilikuwa na kilo kumi na kidogo, dagaa wamekuwa wagumu kwa nje, wanalia chakachaka nikiwatikisa. Mizani ilinifurahisha. Nikawafunga kwenye viroba siku ileile. Baada ya siku nne nikampelekea mama mmoja mwenye genge Tegeta, akaingiza mkono kwenye kiroba, akaunusa, akaniambia, "Dada, mzigo wako una maji huu. Umeuvunda mwenyewe." Katikati ulikuwa na joto na kuvu nyeupe imeanza kwenye matumbo. Nilirudi nao wote.

Kilichotokea ni kwamba nje kulikauka, ndani hakukukauka, na nikawafungia pamoja. Yale maji ya ndani yakatoka taratibu yakalowanisha kiroba chote. Tuweke hesabu ili uone mtego ulivyo. Dagaa wa ndoo zangu mbili wakikauka vizuri, wakabaki na asilimia 15 ya maji, wanakuwa kilo 9 hivi. Nikiwaacha na asilimia 25 wanakuwa kilo 10 na kidogo. Tofauti ni kama kilo moja na robo, kwa bei ya shilingi 16,000 kwa kilo hiyo inakaribia elfu 20. Ukiwa na shida ya hela hiyo elfu 20 inakuita kwelikweli, na kwa kuifuata nikapoteza kilo zote.

Siku hizi napima kwa njia tatu. Ya kwanza kuvunja, nachukua wale wanene kabisa, sio wembamba, nawakunja kwenye mgongo nyuma ya kichwa. Anatakiwa avunjike kwa mlio, akipinda kama mpira bado. Ya pili mizani, natenga sahani moja ya dagaa napima, narudisha juani masaa mawili napima tena, kama uzito umeshuka basi maji bado yanatoka na kazi haijaisha. Ya tatu ndo ninayoiamini kuliko zote: najaza dagaa kwenye chupa ya kioo safi kavu, nafunga kifuniko, naweka juani saa moja. Nikiona ukungu au vitone ndani ya kioo, mzigo wote unarudi kwenye chanja. Chupa haina huruma, ila haijawahi kunidanganya.

Kuhifadhi

Waache wapoe kabisa kivulini kabla ya kufunga, dagaa wa moto akifungwa anatoa jasho. Chekecha, vunjavunja zitoke.

Sasa ile habari ya chumvi. Chumvi ikiwa kwenye hewa yenye unyevu wa juu ya asilimia 75 inavuta maji yenyewe, ndo maana chumvi ya jikoni Dar inalowana kwenye kopo. Hewa yetu alfajiri mara nyingi inapita asilimia 80. Dagaa mwenye chumvi kali ukimwacha wazi usiku anakunywa hewa, asubuhi unamkuta laini tena, na mteja anadhani ulimwongeza maji. Kwaiyo chumvi ya wastani, na ufungaji usiopitisha hewa siku hiyohiyo chupa ilipokubali.

Mimi natumia pakiti nene za chakula zinazozibwa kwa mashine ndogo ya moto, ile mifuko laini ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Pakiti zikae kwenye boksi, gizani, zisiguse sakafu wala ukuta. Mwanga na joto vinageuza mafuta ya dagaa, anakuwa wa njano na anakwaruza koo. Kila wiki fungua boksi uangalie. Ukiona unga unga chini ya pakiti au mabuu yenye manyoya, wale ni wadudu weusi wa samaki wakavu, tenga hizo pakiti mbali na nyingine siku hiyohiyo.

Hesabu na kuuza

Hizi ni za mzigo wangu mmoja, bei za kwako zitakuwa tofauti ila mpangilio ni huu. Ndoo mbili kwa elfu 35 kila moja, 70,000. Chumvi 2,000, barafu 3,000, bajaji 8,000, kuni 5,000, kijana wa kunisaidia siku mbili 10,000, pakiti 16 kwa mia tatu mia tatu 4,800. Jumla 102,800. Nimepata kilo 8 nzuri, pakiti 16 za nusu kilo kwa 8,000 kila moja, 128,000, na kilo moja ya vunjavunja 4,000. Jumla 132,000, iliyobaki 29,200.

Sio nyingi, na angalia ilipo hatari yake. Ukiondoa dagaa, gharama zangu nyingine ni 32,800 kila mara. Kwaiyo ndoo ikifika karibu elfu 50 nafanya kazi siku mbili bure. Hiyo namba naenda nayo ufukweni kichwani, nahodha akitaja juu yake nasalimia narudi nyumbani. Wewe piga yako kabla hujatoka, chukua mauzo unayotegemea, toa gharama zote zisizo dagaa, gawa kwa ndoo. Na ukiuza kwa jumla kwa wale wanaokusanya mizigo bei inashuka, kwaiyo na kikomo cha ndoo kishuke.

Wateja wangu ni magenge matatu, mama lishe wawili na majirani wa wasapu. Mapema kabisa nenda kwa afisa uvuvi wa manispaa yako umwambie unachofanya, biashara ya mazao ya uvuvi ina leseni yake, na kusafirisha mzigo kwenda mkoa mwingine kuna kibali. Ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa hapo inakuja habari ya alama ya TBS, na SIDO ndo mlango wa kuanzia kwa sisi wadogo.

Kila mzigo nabakiza chupa moja iliyofungwa, nimeandika tarehe ya kuanua juu yake. Mwezi uliopita genge moja walilalamika dagaa wamelainika, nikaenda na chupa ya tarehe ileile, tukaifungua pale mezani, wa kwenye chupa wakavunjika kwa mlio. Tukagundua pakiti zao wanazifungua asubuhi na kuziacha wazi pembeni ya ndoo ya maji ya kuoshea nyanya. Wamehamishia upande wa pili, na oda yao ya wiki hii ni pakiti sita.